Jinsi puti ya chini ilivyonilipia koli ya juu

Kuna mfuko wa ETF unaofuata faharasa ya hisa nilikuwa nauona utapanda, ila koli, yaani haki ya kununua kwa bei iliyopangwa, ukiinunua peke yake naona ni hela ya kupotea tu maana muda unaila kila siku, so nikaenda na riski riveso: nauza puti ya chini, yaani nampa mwingine haki ya kuniuzia kwa bei iliyopangwa, na premiamu ninayolipwa kwa hilo ndo inanunua koli ya juu.

Bei ilikuwa 100, miezi 3 mbele. Puti ya straiki 90, yaani bei iliyopangwa ni 90, ilikuwa na volatiliti ya 26%, yaani mtikisiko wa bei kwa mwaka ambao soko linautegemea, inalipa kama 1.45. Koli ya 110 volatiliti 18%, inauzwa 0.70. Zote ziko mbali sawa na bei lakini puti ni ghali mara 2, na hiyo ndo skyu yenyewe, kwenye faharasa watu wanaogopa kuanguka tangu ile Oktoba 1987 so wanalipia zaidi bima ya chini kuliko tiketi ya juu. Ningekuta zote ziko 22%, puti ingenipa 0.94 na koli ingekula 1.23, yaani ningetoa hela mfukoni. Sasa badala ya kuchukua chenji ya 0.75 nikasogeza koli hadi 107, ikanigharimu kama 1.30, ikabaki 0.15 hivi mkononi. Yaani faida inaanza pointi 7 juu, wakati puti inaning'ata pointi 10 chini. Sio mbaya.

Ila usiseme ni bure jamani. Hiyo 1.45 unalipwa kwa kubeba hofu ya wengine. Mkataba wa hisa 100 maana yake ikishuka chini ya 90 unapokea mzigo wa 9,000, na mimi hiyo hela niliitenga kabisa kabla sijabonyeza chochote.

Kinachotesa ni njiani. Baada ya kama mwezi bei ikateleza hadi 92, bado iko juu ya straiki, lakini volatiliti ya puti ikapaa hadi 34% na ile puti ikawa inasoma karibu 4.10, koli nayo imekufa kabisa. Broka akaomba dhamana zaidi. Hasara ya kwenye skrini ilikuwa kubwa wakati hata straiki haijaguswa! Sikufunga kwa sababu hela ya kupokea hisa ilikuwepo, na 90 ni bei ambayo ningenunua hata bila opsheni. Asiye na hiyo hela hapo atafungiwa na broka kwa bei mbaya.

Siku hizi kabla ya kuingia nachukua tu volatiliti ya koli ya delta 25, yaani ile inayosogea kama 0.25 bei ikisogea 1, natoa ile ya puti ya delta 25, naangalia tofauti ilivyokaa miezi ya nyuma. Kwenye hisa inayokimbiliwa na kila mtu unakuta imegeuka, koli 110 iko 28% puti 90 iko 20%, hapo unauza kwa 0.71 unanunua kwa 2.17, unatoa 1.46 na hatari ya chini bado ni yako. Hiyo naiacha, bora ninunue hisa zenyewe.