Alfajiri ambayo Ukerewe ilipotea kwenye rada

Hii ni ya Aprili 2009, nilikuwa kopailoti mpya kwenye ndege ya pangaboi ya injini mbili, na tulitoka Entebbe alfajiri na abiria 11 tunaenda Mwanza. Safari yenyewe fupi, kama maili 150 za anga, ila karibu yote uko juu ya Ziwa Victoria, na wanaojua ziwa wanajua kwamba mvua yake kubwa inanyesha usiku wa manane mpaka alfajiri, wakati nchi kavu watu wamelala kwenye ukavu.

Rada ya ile ndege ilikuwa puani, antena yake ni sahani bapa ya inchi 12, inacheza kushoto kulia mbele yako. Tulipokuwa tunapanda nilikuwa nimeinua tilti, yaani pembe ya antena kwenda juu au chini, nyuzi 5 juu, kitu cha kawaida kabisa, unataka kuona kule unakopandia. Tukafika futi 19,000, tukanyoosha, nikafanya cheki zangu zote, tilti nikaisahau palepale kwenye 5.

Skrini safi. Kuna kijani kidogo tu kama maili 40 mbele, hafifu, inakuja na kupotea. Mi nikaridhika. Kapteni alikuwa anaangalia nje, kimya, halafu akauliza, "Kijana, ule umeme unamulika wapi?"

Nikaangalia. Kweli mbele yetu palepale wingu linawaka kwa ndani kama taa ya chemli nyuma ya pazia, linazima, linawaka tena. Nikamwambia, "Mzee, rada haioni kitu pale." Akaniambia, "Rada haioni umeme, inaona maji. Sasa we umeielekeza wapi?" Akanyoosha kidole kwenye ile nobu ya tilti. Nilihisi joto masikioni hadi leo nalikumbuka.

Hapo alinifundisha hesabu ambayo sijaiacha. Nyuzi moja kwa maili moja ni futi 100, basi. Mwale wa antena ya inchi 12 una upana kama wa nyuzi 8, yaani 4 juu ya pale ulipoelekeza na 4 chini yake. Tilti ikiwa 5 juu, ukingo wa chini wa mwale uko nyuzi 1 juu ya upeo, kwa maili 40 hiyo ni futi 4,000, jumlisha na 19,000 zetu unapata 23,000. Kwa hiyo nilikuwa natazama wingu kuanzia futi 23,000 kwenda juu, na huku kwetu ikweta maji yanaanza kuganda kwenye futi 16,000 hivi, kule juu kwa sehemu kubwa ni barafu isiyolowa na fuwele. Barafu hairudishi mawimbi kama maji yanavyorudisha. Mvua yenyewe ilikuwa chini ya mwale wangu wote, mi nachungulia kofia ya wingu nasema halina mwili.

Nikashusha tilti mpaka sifuri. Antena ilipiga mzunguko mmoja tu, skrini ikabadilika, kijani, ndani yake njano, ndani ya njano nyekundu nene kama parachichi, moja kwa moja kwenye mstari wetu.

Watu wengi wanadhani rada inaona wingu, haioni. Mawimbi yake yana urefu wa kama sentimita 3, na vitone vya wingu ni vidogo mno, havirudishi kitu cha maana. Inachoona ni tone la mvua na mvua ya mawe iliyolowa, na ukubwa wa tone ndo kila kitu, tone likiwa na kipenyo mara mbili ya jingine linarudisha nguvu mara 64, si mara mbili. Ndo maana nyekundu, rangi ya mawimbi yanayorudi kwa nguvu zaidi, ni habari nzito, ili matone yakue hivyo lazima kuna upepo unaoyabeba juu kwa nguvu, na upepo ule ndo unaovunja ndege, mvua yenyewe inatulowesha tu.

Sasa nikiangalia ile nyekundu niliona haina kina, kama mwezi mchanga, maili 5 hivi, nyuma yake peusi kabisa. Nikasema, "Mzee, ni nyembamba, nyuma pako wazi, tukipita dakika moja na nusu tumetoka." Nilikuwa namaanisha kabisa.

Hakunikatalia kwa maneno. Alisema, "Shusha tilti nyuzi 2 chini, halafu nionyeshe Ukerewe."

Nikashusha. Ukingo wa chini wa mwale ukawa nyuzi 6 chini, na ziwa lilikuwa futi 15,300 chini yetu, kwa hiyo ardhi inatakiwa ianze kuonekana kuanzia kama maili 25 kwenda mbele. Maji yaliyotulia yanabaki meusi kwa sababu yanarusha mwale mbele badala ya kuurudisha, lakini nchi kavu inawaka vizuri. Kushoto kweli nikauona ufukwe wa upande wa Musoma, umechorwa kama kwenye ramani. Mbele, pale Ukerewe inapokaa, nyuma ya ile nyekundu, hamna kitu. Kisiwa kikubwa vile, kina milima na misitu, hakipo.

"Kisiwa hakijahama," Kapteni akasema. "Mwale wako umefia kwenye mvua."

Nilielewa palepale. Mvua ile ya mbele ilikuwa nzito kiasi cha kunyonya mawimbi yote, hayafiki nyuma, na yasipofika hayarudi, na kisichorudi skrini inakichora cheusi sawasawa na anga safi. Weusi ule ulikuwa kivuli.

Tukaomba kugeuka kushoto nyuzi 30, upande wa mashariki, manake usiku mawingu ya ziwa yanasukumwa kwenda magharibi na hatukutaka kuwa upande linakoelekea. Kwa maili 40 hiyo inakuweka maili 20 pembeni, ndo nafasi tuliyoitaka. Njiani akaniambia nipime kimo. Unainua tilti pole pole mpaka lile doa liishe, tulipokuwa maili 30 liliisha kwenye 7, toa 4 ya nusu ya mwale inabaki 3, mara 30 ni futi 9,000, ongeza kwenye 19,000 inakuwa 28,000. Hicho ni kimo cha sehemu ambayo rada inaiona tu, kofia ya barafu iko juu zaidi na hapa haihesabiki. Ndege yetu mwisho wake futi 25,000, kwa hiyo kulipita juu halikuwa jambo la kujadili.

Tulipokaribia ubavu wake, likiwa bado mbele yetu kulia, nikalitazama tena kwenye skrini. Ule mwezi mchanga haukuwepo. Kutoka pembeni ilikuwa nyekundu yenye urefu wa maili 20 na ushee, kuanzia pale nilipotaka tuingie mpaka karibu na kisiwa. Nililitazama mpaka Kapteni akaniambia niite Mwanza.

Kukaanza kupambazuka. Wingu lilikuwa kulia kwetu, juu limetanuka kama fuawe, rangi ya chungwa kileleni na chini jeusi tii, na pembeni ya pazia la mvua ikaanza kutokeza ncha ya kijani ya Ukerewe, kwa macho kwanza, halafu kwenye rada. Nikaishusha tilti kidogo nikaiangalia ikijichora.