Mwenyekiti aliipataje ile pampu?

Jana usiku binti yangu alinisukumia daftari lake la insha ya Kiingereza, sahani za ugali zikiwa bado mezani. Mwalimu alikuwa amemwandikia pembeni kwamba vitenzi vyake ni vya uvivu. "Mama, kitenzi kinakuwaje mvivu?"

Nikasoma sentensi ya kwanza: "I was very hungry and my brother got a mango." Nikacheka, akanuna. Sikuwa namcheka yeye. Neno "got" lilikuwa limenirudisha Mombasa, mwaka 2009, ule wa ukame, kwenye chumba cha habari ambacho feni yake ilizunguka kwa kusitasita kama mtu anayefikiria kujiuzulu.

Nilikuwa nimetoka Kinango siku hiyo, vumbi bado kichwani. Nilikuwa nimeandika habari yangu ya pili kubwa, kwa Kiingereza, maneno 400 hivi, kuhusu silanga, bwawa la maji ya mvua, lililokauka na pampu ya kijiji iliyohamia nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Nikaichapa, nikampelekea mzee aliyekuwa akituhariri. Yeye hakusoma kwenye kompyuta. Alitaka karatasi, na kalamu nyekundu ilikaa sikioni kama sigara ya fundi.

Alianza kuchora viduara kabla hajasoma. Kila "got", kiduara. Kila "did", kiduara. "Was" na "were" alizichagua: palipokuwa na "were waiting" alipita, maana hapo kitenzi chenyewe ni kungoja na "were" imekuja kumsindikiza tu. Lakini palipokuwa na "were angry", "was dry", "were dead", kiduara. Alipomaliza, ukurasa ulikuwa kama mtoto mwenye tetekuwanga. Nilihesabu 23.

Akaweka kidole kwenye kimoja. "The chairman got the pump."

"Aliipataje?" akaniuliza, kwa Kiswahili.

"Si nimeandika, Mzee. Aliipata."

"Nimekuelewa, mwanangu. Lakini alipewa? Alinunua? Alikodi? Aliazima? Aliiba?"

Nikanyamaza. Hata leo naisikia ile feni. Nilikuwa nimemwona mwenyekiti, nimeiona pampu chini ya mwembe wake, imefunikwa gunia. Nilichokuwa sijafanya ni kumuuliza mtu yeyote ilifikaje pale. Na "got" ilikuwa imenifichia hilo hata mimi mwenyewe. Niliiandika bila kusita, ikasomeka kama sentensi nzima, kumbe ndani yake hamna kitu. Ningelazimika kuchagua kati ya kupewa na kuiba, ningejua palepale kwamba sijui.

"Nenda kwenye simu," akasema.

Nikapiga simu tatu, nikapata vitenzi vitatu. Mwenyekiti akasema kamati ilimkabidhi pampu aitunze. Mama mmoja aliyekuwa akichota pale akasema aliing'oa usiku. Mjumbe wa kamati akasema aliikodi, ila risiti hakuwa nayo. Nikarudi kwa mzee nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka. Nikamwambia labda basi turudishe "got", maana hiyo haimwonei mtu.

"Wewe uliona nini kwa macho yako?"

"Imekaa chini ya mwembe wake."

"Basi andika imekaa." Habari ikatoka hivi: pampu sasa "sits" kwenye boma la mwenyekiti, yeye anasema kamati "handed" pampu kwake, mkazi mmoja anasema "removed". Kila kitenzi kikapewa mwenyewe, na kile cha kwanza tu kikawa changu.

"Did" zilikuwa rahisi. Nilikuwa nimeandika kwamba maofisa "did an inspection" na kamati "did repairs". Kitenzi halisi kilikuwa kimejificha ndani ya nomino. Ukikivuta nje unabaki na "inspected" na "repaired", na sentensi inafupika yenyewe. Kiswahili nacho kina ugonjwa huo, tusijidanganye: sikiliza taarifa ya habari ikikwambia wamefanya ukaguzi, wakati wangeweza kukagua.

Kilichonitesa ni vile viduara vya sifa. Na ajabu yake, kwa lugha yangu nisingekuwa na tatizo. Kwetu watu hukasirika, silanga hukauka, mbuzi hufa. Hali nyingi zina kitenzi chake. Nikivuka tu kwenda Kiingereza, vitenzi vyangu navishusha mpakani, naingia na "was" na furushi la sifa.

Kwa hiyo nilichukua kamusi ya visawe na kujipinda. Watu waliokuwa "angry" nikawafanya "raged". Mzee akaniuliza walikuwa wakifanya nini hasa. Nikamwambia walipanga mitungi mitupu barabarani wakaketi nyuma yake, kimya, hadi gari la serikali likasimama. "Sasa hapo nani amefura?" Akafuta "raged" na hakuandika hasira yoyote mahali pake. Aliandika "blocked the road", akaongeza mitungi. Mimi nilikuwa natafuta hasira yenye kilo nyingi zaidi, na yeye alitaka kitendo ambacho msomaji ataipimia hasira mwenyewe.

Halafu mbuzi. Nilikuwa nimeandika kwamba mbuzi wawili "were dead when the officials arrived". Kwa bidii ya mwanafunzi nikaondoa "were dead", nikaweka "died". Mzee akasoma kwa sauti, akacheka hadi akashika meza.

"Kwa hiyo maofisa walifika, mbuzi wakafa? Waliwaangalia tu?"

Kiswahili kingeniokoa: mbuzi walikuwa wamekufa, ile "-me-" inabeba kifo kilichopita na mzoga uliopo, vyote viwili. "Died" ya Kiingereza ni tukio, na ukilibandika kando ya "when" vinatokea pamoja. Ningeweza kusema "had died". Yeye aliandika "lay dead beside the pan", yaani kando ya silanga. Kitenzi ni kulala tu, na ile sifa niliyoifukuza ikarudi kukaa nyuma yake bila mtu kuikemea. "Was dry" aliiacha kama ilivyokuwa. Nilipomuuliza kwa nini amekichora kiduara kama hana nia ya kukibadilisha, alisema kiduara ni swali, si kosa. Miezi miwili nilikuwa nimeamini kinyume chake.

Basi nikamgeukia binti yangu na elimu yote hiyo. Tukaanza na "hungry". Alitaka kitenzi. Kwa Kiswahili njaa huuma, na mtu hushika tumbo kweli. Akapendekeza "I starved". Nikamwambia hiyo ni ya watu waliokaa siku bila chakula, yeye alikuwa amechelewa chai ya saa kumi. Tukazunguka, tukarudi pale pale: "I was hungry". Tulichofuta ni "very".

"Sasa mwalimu atasema mvivu."

"Huenda."

Kisha "got". Nikamuuliza nilivyoulizwa: kaka yako hilo embe aliliokota? Alilinunua? Alipewa?

Akamtazama kaka yake upande wa pili wa meza. Kaka yake akasimama ghafla akaanza kukusanya sahani, kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya bila kuitwa mara tatu. Jirani yetu ana mwembe mmoja, na ukuta wake ni mfupi.

"Mama," binti yangu akasema polepole, akichukua penseli yake, "hiyo 'got' naomba niiache."

Sikujua nimjibu nini. Nikamrudishia daftari.