Bi Hawa alishindwa rufaa: ninavyosoma hukumu ya Mahakama ya Rufani

Ukikaa na watu wa msaada wa kisheria Tanzania hupiti wiki bila kusikia jina la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Rufaa ya Madai Na. 9 ya 1983. Ndiyo hukumu iliyosema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali za ndoa. Wengi wanaoitaja hawajaisoma hadi mwisho, maana wakiisoma watakuta jambo linalowashangaza: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Rufaa yake ilitupwa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na hukumu hizi huandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani. Hii ndiyo iliyonifundisha kuzisoma, kwa sababu haikubali kusomwa kijuujuu.

Siku hizi naanza na ukurasa wa mwisho, kwenye amri. Rufaa imekubaliwa au imetupwa? Nikishajua hilo narudi mwanzo kutafuta njia ambayo kesi imepita. Ya Bi Hawa ilianzia Mahakama ya Mwanzo iliyokuwa Kariakoo, Dar es Salaam, ambako ndoa ilivunjwa mwaka 1980. Mke akataka mgawo wa mali. Akaambiwa hana haki, yeye alikuwa mke tu, nyumba alinunua mume kwa fedha zake. Akaenda Mahakama Kuu, akashindwa. Hapo ndipo akafika Mahakama ya Rufani, mbele ya Jaji Mkuu Nyalali na majaji Makame na Kisanga.

Njia hiyo si historia ya kupitisha muda. Mahakama ya Rufani haisikilizi mashahidi upya, inafanya kazi na mwenendo wa shauri uliotoka chini, na mahakama mbili za chini zikikubaliana juu ya jambo lililotokea, ya juu hailigusi kirahisi. Kwa hiyo ninapoandika ukweli wa kesi kwenye daftari, siandiki kila kitu kilichosemwa. Naandika yale ambayo mahakama yenyewe iliyachukua kuwa yametokea, na pembeni naweka alama kwenye yale yaliyobaki kuwa madai ya upande mmoja.

Baada ya hapo natafuta swali. Hukumu nyingi zina orodha ndefu ya sababu za rufaa, lakini maswali yanayobeba kesi huwa moja au mawili. Hapa lilikuwa moja. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa na wanandoa kwa juhudi zao za pamoja, na kinaitaka iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua na kulea watoto ni kazi kwa maana ya kifungu hicho? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika katika kesi mbalimbali, wengine wakiwa na mtazamo finyu kwamba kazi hizo si mchango, wengine mtazamo mpana kwamba ni mchango. Swali likishakaa kwa sentensi moja kama hiyo, nusu ya hukumu inajifungua yenyewe.

Halafu inakuja sehemu inayowaponza wengi. Kurasa za katikati zimejaa hoja za mawakili, na hoja ya wakili ikiandikwa na jaji kwa Kiingereza kizuri inafanana kabisa na uamuzi. Nimeona watu wakinukuu maneno ya wakili wa upande ulioshindwa kana kwamba ni sheria ya nchi. Mimi nafuata nani anaongea. Ikiwa bado ni “wakili msomi amedai”, kalamu yangu inatulia. Mahakama inapoanza kusema “sisi”, kwamba tumezipima hoja na tunaona hivi, hapo ndipo napigia mstari.

Katika Bi Hawa mahakama ilichagua mtazamo mpana. Na sababu zake ndizo tamu kuliko jibu lenyewe. Ilijiuliza Bunge la 1971 lilikuwa linatibu ubaya gani, ikajibu kwamba ni unyonyaji na ukandamizaji wa wanawake katika ndoa. Ikaongeza kwamba ustawi wa familia ni sehemu ya lazima ya shughuli za kiuchumi za mwenye familia, kwa hiyo anayechangia ustawi huo anachangia upatikanaji wa mali. Nazitenga sababu na jibu kwa makusudi. Jibu linanisaidia kwa mama wa nyumbani. Sababu zinanisaidia kwa mtu ambaye hali yake si ile ile, tuseme mke aliyelea wazazi wa mumewe miaka yote.

Sasa kwa nini alishindwa? Mahakama ilikuta kwamba wakati wa ndoa mume alimpa fedha za kuanzishia mradi wa familia, naye akazitapanya. Ikahesabu kwamba fungu lake alikuwa ameshalichukua.

Hapo nilipata swali ambalo mwalimu wa sheria angelipenda. Kama alishindwa kwa utapanyaji, yale maneno ya kazi za nyumbani yalikuwa ya lazima, au yalikuwa maneno ya kando yasiyomfunga mtu? Kipimo changu ni kuyafuta kwa kidole nione kama matokeo yanasimama. Nikifuta kanuni ya mchango wa nyumbani, sentensi ya “fungu lake ameshalichukua” inakosa miguu, kwani asiye na fungu hawezi kuwa amelichukua. Kwa hiyo kanuni ni sehemu ya kiini cha uamuzi, ingawa mwenye kesi aliondoka mikono mitupu.

Lakini kanuni ina mpaka wake. Hukumu haikusema nusu kwa nusu. Katika Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, Rufaa ya Madai Na. 102 ya 2018, mahakama hiyo hiyo ilisisitiza kuwa kiwango cha mchango ni suala la ushahidi. Mama akija ofisini kwetu na Bi Hawa mdomoni, swali la kwanza ninalomuuliza ni nani atasimama kueleza alichokifanya katika ndoa hiyo.

Bi Hawa haina hukumu ya wachache, majaji walikuwa na sauti moja, na hiyo ndiyo kawaida ya mahakama yetu. Kwa mazoezi ya kusoma majaji wanaopingana nilivuka mpaka, kwenye kesi ya BBI, ule mpango wa kurekebisha katiba ya Kenya, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo 31 Machi 2022. Majaji saba, maswali saba, na kila jaji ameandika maoni yake. Ukiuliza tu “nani alishinda?” utapotea. Nilichora jedwali, maswali upande mmoja, majaji juu, nikajaza kura moja moja. Kwenye swali kama nadharia ya muundo msingi wa katiba, yaani kwamba misingi fulani ya katiba haibadilishwi kwa marekebisho ya kawaida, inatumika Kenya, sita walikataa na Jaji Mohammed Ibrahim akabaki peke yake. Kwenye swali kama Rais anaweza kuanzisha marekebisho kwa njia ya mpango wa wananchi, ile inayoanza na saini za wapiga kura, aliyepinga wenzake alikuwa Jaji Njoki Ndung'u. Hakuna “kambi ya wachache” moja ya kuzungushia duara.

Maoni ya Jaji Ibrahim siwezi kuyapeleka mahakamani kama sheria. Nayasoma baada ya yale ya wengi, nikiwa na swali moja: analalamika kwamba wenzake wameruka nini? Kisha narudi kwa wengi kuangalia kama kweli wameruka. Mara nyingine utakuta walijibu, kwa aya mbili fupi ambazo macho yalizipita mara ya kwanza.