Jinsi nilivyoandika shahada niliyoiacha kwenye wasifu wangu

Kwa muda mrefu wasifu wangu ulisema hivi: “Shahada ya Uhasibu, 2015–2017.” Sikuandika uongo, lakini kwenye usaili mmoja niliombwa cheti, nami sina. Niliacha masomo mwaka wa pili kwa kukosa ada. Nilipoutazama tena mstari ule nikaona kosa: jina la shahada likifuatwa na miaka, kila msomaji huelewa kwamba umehitimu.

Nikaomba nakala rasmi ya matokeo chuoni, nikahesabu masomo niliyofaulu tu, kisha nikaandika:

“Masomo ya shahada ya uhasibu, 2015–2017. Nilifaulu masomo 14 kati ya 24, sikuhitimu.”

Neno “sikuhitimu” nimeliweka kwenye mstari uleule, si chini kwa herufi ndogo. “Inaendelea” nililikataa, maana sijajisajili tena. Chini yake nikataja masomo mawili yanayohusu kazi: kodi na ukaguzi wa hesabu.

Fomu za mtandaoni ndizo zilinisumbua zaidi. Zinapouliza kiwango cha juu cha elimu, nachagua sekondari, kwa kuwa ndicho nilichokamilisha, na chuo nakieleza kwenye nafasi ya maelezo.