Kumbukumbu ya mradi: penseli na krayoni kwenye ukuta wa rangi ya maji isiyong'aa

Ukuta wenyewe

Korido, rangi ya maji ya krimu isiyong'aa, juu ya skimu. Penseli imepita kwa mistari mirefu, na katikati yake kuna miduara iliyojazwa krayoni nyekundu na bluu. Ingekuwa rangi ya mafuta au silki, kazi ingekuwa nyepesi, maana uso wake umejifunga. Rangi isiyong'aa ina chembe nyingi na gundi kidogo, kwa hiyo uso wake una vitundu vidogo na mikwaruzo isiyoonekana. Ukiisugua sana, chembe zinalala na sehemu hiyo inaanza kung'aa. Mara nyingi "doa" linalobaki baada ya kusafisha ni mng'ao huo tu, na hakuna sabuni ya kuuondoa.

Jaribio limefanywa nyuma ya mlango: kitambaa cheupe chenye unyevu, kupitisha polepole mara tano. Kitambaa kimebaki karibu cheupe, basi rangi inastahimili maji. Kikitoka na krimu nzito au unga, kama inavyotokea kwenye chokaa, maji hayafai kabisa. Bakia na ufutio mkavu.

Penseli kwanza, pakavu

Penseli ni grafiti na udongo wa mfinyanzi. Ukiipiga maji kabla ya kuifuta, inageuka ukungu wa kijivu unaosambaa na kuingia kwenye vitundu. Kwa hiyo ufutio mweupe laini ndio unaotangulia. Ule wa waridi ulio nyuma ya penseli uachwe, kwani mwingi una chembe za kukwaruza na huacha rangi yake ukutani. Futa kwa kuelekea upande mmoja, kwa mkono mwepesi, na ukiona ncha ya ufutio imekuwa nyeusi, isugue kwenye karatasi safi kabla ya kuendelea. Ncha chafu inarudisha grafiti ukutani.

Mistari yote imetoka isipokuwa miwili. Ukimulika tochi ukiwa umeilaza ubavuni mwa ukuta, mistari hiyo ina kivuli: penseli ilikandamizwa hadi ikachimba rangi. Hapo hapana uchafu tena, ni mfereji, na kuendelea kufuta ni kuharibu pembeni yake. Imeachwa kwa ajili ya kuzibwa.

Krayoni

Krayoni ni nta ya parafini yenye rangi ndani. Kwanza punguza nta iliyojaa juu: kadi ya plastiki, ukingo wake ukiwa umelazwa, kukwangua bila kukandamiza. Wengi hupasha nta joto kwa draya ya nywele kisha wakaifyonza kwa tishu. Kwenye rangi ya mafuta njia hiyo inafaa. Kwenye ukuta huu haifai, kwa sababu nta iliyoyeyuka inazama kwenye vitundu na kuacha duara la mafuta linaloonekana hata baada ya rangi ya krayoni kuisha.

Mchanganyiko uliotumika ni lita moja ya maji ya uvuguvugu na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo. Kitambaa cha pamba kikamuliwe mpaka kisidondoshe. Gusa na kuinua, geuza upande safi, gusa tena. Bluu imetoka hivyo. Kwa nyekundu, chota bekingi soda kidogo kwa kitambaa hicho chenye unyevu na uizungushe juu ya mchoro pasipo nguvu, sekunde chache, kisha futa kwa maji matupu. Usiweke magadi ya kupikia maharage. Chembe zake ni kubwa na zinachora. Sponji nyeupe la melamini nalo ni kama msasa laini sana: linaondoa nta pamoja na ngozi ya rangi, na kwenye ukuta huu linaacha mng'ao upesi.

Spiriti ya kuwashia na thina zisikaribie hapa, zinalainisha rangi ya maji. Dawa ya kung'arisha nguo haiyeyushi nta, ila inaweza kupausha rangi ya ukuta.

Kilichobaki

Pana alama ya waridi hafifu mahali nyekundu ilipokuwa nzito. Rangi ya maji haipakwi juu yake moja kwa moja: penye nta inajikusanya matone na kukataa kushika. Ukuta ukishakauka usiku mzima, sehemu hiyo inapata andakoti ya mafuta, mkono mmoja mwembamba. Ile mifereji miwili ya penseli inazibwa kwa skimu na kupigwa msasa namba 240. Kisha inakuja rangi ya krimu, ikiwezekana ya kopo lilelile, kwa rola, kutoka kona hadi kona. Kiraka cha katikati kitaonekana hata rangi ikilingana, kwa kuwa rangi ya zamani imeshapauka na brashi haiachi uso sawa na wa rola.