Kidonda cha ugokoni: nilichojifunza kuhusu sigara, pombe, soda na ngozi yangu

Ngozi ya ugokoni ni nyembamba na iko karibu na mfupa, kwa hiyo hata kwa mtu mwenye afya njema kidonda cha hapo hupona polepole kuliko cha usoni au mkononi. Ndiyo maana nilipojichuna kwenye ukingo wa chuma sikuwa na wasiwasi kilipochelewa kufunga. Nilikisafisha, nikakifunika, nikaendelea na kazi. Wasiwasi ulianza pale muuguzi aliyekuwa akinifunga alipoweka vipimo viwili mbele yangu.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye mazoea ya kuweka rula ya karatasi kando ya kidonda kila mara anapobadilisha bandeji. Alipima urefu na upana, akazidisha, akaandika kwenye kadi. Mwanzoni kidonda kilikuwa milimita 30 kwa 20, yaani eneo la milimita mraba 600. Mwezi mzima baadaye kilikuwa 28 kwa 19, sawa na 532. Kilikuwa kimepungua kwa asilimia 11 tu. Akanieleza kwamba kidonda cha mguu kinachoelekea kupona hutakiwa kiwe kimepungua kwa karibu nusu ndani ya wiki 4. Kisipofika hapo, dawa ya kupaka si jibu tena. Inabidi kutafuta kinachokizuia.

"Mwanangu, unavuta?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, karibu kila saa nikiwa kazini. Akauliza kuhusu pombe, kisha akauliza ninakunywa nini kiu ikinishika. Jibu lilikuwa soda, chupa mbili za nusu lita karibu kila siku.

Kwanza walihakikisha tatizo si kubwa zaidi. Daktari alinishika juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha mguu kutafuta mapigo ya damu, kwa sababu mshipa mkubwa ukiziba kidonda hakiponi hata ufanye nini. Mapigo yalikuwepo. Hakukuwa na usaha, harufu wala homa. Kisha wakapima sukari, si ile ya kuchoma kidole peke yake, bali kipimo kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Yangu ilikuwa asilimia 6.1. Kuanzia 6.5 ni kisukari. Kati ya 5.7 na 6.4 ni hatua ya kukikaribia. Nilikuwa katikati ya hatua hiyo bila dalili yoyote niliyoitambua.

Nasema "niliyoitambua" kwa sababu dalili ilikuwepo shingoni. Kwa muda mrefu ngozi ya kisogoni ilikuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine, nene kidogo, laini kama mahameli ukiigusa. Watu wengi huisugua kwa jiwe na sabuni wakidhani ni uchafu, au hupaka krimu za kung'arisha. Daktari aliiangalia mara moja tu na kunieleza kwamba weusi wa namna hiyo, shingoni na kwapani, mara nyingi huletwa na wingi wa insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu. Mwili ukianza kuikaidi insulini, kongosho hutoa zaidi, na insulini hiyo ya ziada huchochea seli za ngozi ziongezeke. Kuisugua huiumiza tu na kuizidishia weusi.

Sasa nieleze sigara ilikuwa inafanya nini pale ugokoni, maana hapo ndipo mambo yalinikaa kichwani. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu ya ngozi, na athari ya sigara moja inaweza kudumu saa nzima au zaidi. Anayevuta kila saa, kama nilivyokuwa mimi, haiachii mishipa hiyo nafasi ya kufunguka mchana kutwa. Juu ya hapo moshi una kaboni monoksidi, ambayo hung'ang'ania himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo damu inayofika ni kidogo, na hiyo kidogo imebeba oksijeni pungufu. Oksijeni ndiyo inayotumiwa na seli nyeupe kuua vijidudu, na ndiyo inayohitajika kutengeneza kolajeni imara, zile nyuzi zinazoshikilia ngozi mpya. Nyama changa ya kidonda inayopata damu ya kutosha huwa nyekundu iliyokolea, yenye chembechembe na unyevu. Yangu ilikuwa imepauka, laini kama jeli, na kingo zake zilikuwa zimekwama badala ya kutambaa kuelekea katikati. Muuguzi alinionyesha kwa ncha ya kibano bila kugusa: "Kingo hizi zimelala, mwanangu. Tunataka ziamke."

Sukari nayo huingia kwa njia yake. Damu ikiwa na sukari nyingi, seli nyeupe hupungukiwa na nguvu ya kufika kwenye kidonda na kupambana. Na soda yenye takriban gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100, kama zilivyo nyingi za kawaida, huipandisha sukari hiyo haraka kwa sababu haina cha kuichelewesha tumboni. Chupa zangu mbili zilikuwa na takriban gramu 106. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana iwe 25.

Nilianza na sigara. Niliomba plasta za nikotini, nikawa na hofu kwamba zitaendelea kubana mishipa ileile. Daktari alinitoa hofu: plasta hutoa nikotini polepole bila kaboni monoksidi wala sumu nyingine za moshi, na kwa kidonda ni afadhali sana kuliko kuendelea kuvuta. Kaboni monoksidi hupungua kwa nusu ndani ya saa 4 hadi 6, na ndani ya siku moja au mbili karibu yote imetoka. Lakini seli za kujenga na kulinda ngozi huchukua wiki kadhaa kurudi kwenye hali yake, na ndiyo sababu madaktari wa upasuaji hutaka mtu aache kuvuta angalau wiki 4 kabla ya kupasuliwa. Tamaa ilinibana zaidi baada ya kula. Nilihamisha simu zangu zote kwenye muda huo, nikawa natembea nikiongea mpaka ipite.

Soda nilibadilisha kwa maji. Sikwenda kwenye juisi za paketi, kwa kuwa nyingi zina sukari inayokaribia ya soda.

Pombe ilikuwa ya mwisho wa wiki, lakini nilikuwa nakunywa nyingi kwa mkupuo. Pombe hulegeza mishipa ya uso, ndiyo maana ngozi hupata joto na macho huvimba chini asubuhi. Huufanya mwili upoteze maji kwa mkojo, huvuruga usingizi, na kwa mnywaji wa muda mrefu hupunguza zinki na vitamini ambazo kidonda kinazihitaji. Niliiacha mpaka kidonda kifunge. Kwangu haikuwa shida, ila anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Kutetemeka, jasho jingi na hata degedege vinaweza kumpata, kwa hiyo amwone daktari kwanza. Na macho yakiwa ya njano, hilo ni suala la ini, wala si la kusubiri.

Upande wa kidonda wenyewe hatukubadilisha mengi: kusafisha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, kufunika kwa bandeji inayohifadhi unyevu, na kuinua mguu nikikaa. Hili nalisema makusudi, ili ieleweke kwamba matunzo yalikuwa karibu yaleyale ya mwezi wa kwanza. Wiki 4 baadaye rula ilisoma 18 kwa 13, yaani 234. Kutoka 532 ni upungufu wa asilimia 56. Kingo zilikuwa na utepe mwembamba wa ngozi mpya, wa rangi hafifu, unaotambaa ndani. Siwezi kugawa sifa na kusema kiasi hiki ni cha sigara na kile ni cha soda, kwa kuwa niliviacha pamoja, na mguu niliuinua kwa bidii zaidi mwezi wa pili. Lakini tofauti ile niliiona kwa macho kabla ya kuisoma kwenye kadi.

Rangi ya uso ilitangulia. Wavutaji wengi hupata ngozi iliyopauka, yenye kijivujivu, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi inaonekana zaidi midomoni, ndani ya kope la chini na viganjani kuliko mashavuni. Wiki chache bila moshi zilitosha watu kuniuliza kama nilikuwa likizo. Weusi wa fizi ulioletwa na sigara bado upo; huo hufifia kwa miezi, wakati mwingine miaka. Shingo ilihitaji miezi pia, na weusi wake ulianza kufifia pale HbA1c iliporudiwa na kusoma 5.6. Hakuna krimu niliyopaka.

Mikunjo ni habari nyingine. Mistari ya wima juu ya mdomo na ile ya pembeni mwa macho haikuondoka. Moshi huongeza vimeng'enya vinavyokata kolajeni na papo hapo hupunguza utengenezaji wa mpya. Kukunja mdomo na kufinya macho kila pafu huchora mistari palepale. Sukari nayo hujibandika kwenye kolajeni na kuziunganisha nyuzi zake mpaka zinakakamaa. Kolajeni ya ngozi hubadilishwa taratibu mno, nusu yake huchukua takriban miaka 15, kwa hiyo iliyokwisha kukakamaa hukaa nayo mtu muda mrefu. Jua huzidisha yote. Ukitaka kuona mchango wake, linganisha ngozi ya juu ya mkono na ile ya ndani ya mkono karibu na kwapa, ambayo haipigwi na jua.

Daktari wa ngozi aliniambia wazi kwamba kuacha kunazuia mistari isiongezeke kwa kasi, na kwamba kinga ya jua na krimu ya retinoidi ya usiku zinaweza kuipunguza kidogo kwa miezi. Naitumia retinoidi mara chache kwa wiki, kwa sababu ngozi nyeusi ikiwashwa nayo huacha madoa. Kovu la ugokoni limefunga, ni jeusi kuliko ngozi inayolizunguka, na daktari amenionya kwamba halitafikia nguvu ya ngozi ya awali, huishia takriban asilimia 80. Hapo ninavaa soksi ndefu nikifanya kazi karibu na vyuma.