Losheni iliyokataa kuitwa Mavi

Jamaa wa Uturuki walitaka kuleta losheni Dar, wakanitumia jina: Mavi. Kwao ni bluu tu, rangi ya chupa, kamusi yao haikuwaonya kitu. Nikawaambia hapa hakuna mtu atajipaka hiyo.

Wakatuma majina mengine mawili, Deniz na Lale. Sikuuliza watu "hili jina lina maana gani," maana ukiuliza hivyo wanakupa jibu la adabu. Nilienda maduka kama sita hivi, sionyeshi maandishi, nasema tu "nipe Deniz ndogo" kama mteja, alafu nasikiliza muuzaji anarudia nini. Wa pili tu akanijibu, "Deni hatutoi, soma hapo ukutani." Basi, Deniz kwisha, maana ile z ya mwisho hakuisikia kabisa.

Lale nikaipigia simu Mombasa na Lubumbashi pia, Kiswahili cha huko si cha Dar. Hakuna aliyecheka, ila watatu waliuliza kama ni ya kulalia.

Tukaandika chini ya jina: losheni ya usiku.